Wafanyakazi wangu wa saluni wamegeuka maadui tangu niweke tageti, nifanyeje?

*Shikamoo dada. Nina saluni hapa Mtwara mjini, Chikongola, mwaka wa nne sasa. Nina wadada watatu na mwanafunzi mmoja (majina nimebadilisha). Somoe ndo msusi wangu mkubwa, rasta na notlesi zote kwake. Fatu anaosha, anaweka dawa, stimingi na kuseti. Zuhura ni kucha, kope na meikapu. Nawalipa nusu kwa nusu ya ufundi. Mwezi wa 11 hela ya korosho ilipoingia nikaona saluni imechangamka nikawawekea tageti, kila mtu alete laki saba kwa mwezi, anayeongoza anapata elfu 50, wanaoshindwa nakata elfu 20. Jina la mshindi naliweka ukutani na kwenye grupu la wasapu. Mwezi wa kwanza ilinoga, Somoe akashinda. Wa pili akashinda yeye tena. Sasa hivi ni vita dada, mteja akiingia wanakimbilia mlangoni, Fatu kaficha draya, Somoe hataki tena kumfundisha mwanafunzi anasema namkuzia mshindani, wateja wawili wa Somoe wamerudi kichwa kinawauma wamefumua rasta siku ya tatu. Zuhura analia tu. Na Ramadhani hii hakuna hata mmoja aliyefika, nikawakata wote, sasa hawanisalimii. Nimekutumia picha za daftari langu. Nataka saluni iingize hela lakini sitaki kupoteza watu. Nisaidie.*

Marahaba mdogo wangu. Daftari lako nimelipitia lote, na nikwambie ukweli una bahati sana kwamba unaandika kila mteja, kila siku, na nani kamfanya, wengi mnaoniandikia hamna hata hilo. Jibu la tatizo lako limo humo humo kwenye daftari. Mimi nimeshika saluni Lindi miaka mingi kabla sijaanza kuandika hapa na kosa la mshindi mmoja nimeshalifanya kwa mikono yangu, nikampoteza msusi ambaye hadi leo sijapata wa kufanana nae, kwa iyo nisikilize kama dada yako.

Kwanza hiyo laki saba. Hujaandika uliipata wapi ila nikiangalia mwezi wa 11 naona Somoe kaipita laki saba, nadhani ukasema kama mmoja kaweza na wengine wataweza. Sasa angalia vizuri hiyo hela ya Somoe. Notlesi unatoza elfu 45 na ndani yake kuna rasta za dukani zisizopungua elfu 20, hiyo 20 si kazi ya Somoe, ni hela ya duka la vipodozi inapita tu mkononi mwake. Fatu akiosha na kuseti kwa elfu 10 karibu yote ni kazi ya mkono wake. We umewapima kwa bei anayolipa mteja, kwa iyo Somoe alikuwa mbele tangu mbio hazijaanza, na Zuhura hata angebandika kucha usiku kucha asingemfikia. Wale wadada hawajasoma uhasibu lakini hilo walilijua wiki ya kwanza tu, ndo maana Zuhura analia. Na la kushangaza zaidi kwenye malipo unagawa ufundi, umeshatoa rasta vizuri kabisa, ila kwenye tageti ukahesabu bei nzima. Tumia hesabu moja kote.

Sasa kaa na kalamu tufanye pamoja. Nimechukua miezi mitatu ya kawaida, sijagusa msimu wa korosho wala Ramadhani, nikatoa rasta zote nikabaki na ufundi peke yake. Somoe mwezi mmoja kaleta 572,000 kwa siku 26 alizofanya kazi, mwingine 506,000 kwa siku 23 (naona umeandika aliuguza mtoto), mwingine 540,000 kwa siku 25. Ukitazama mwezi kwa mwezi utasema huyu mwezi wa pili alizembea. Gawa kwa siku sasa, inakuja 22,000, na 22,000, na 21,600. Hajazembea hata kidogo, yeye ni mtu wa elfu 22 kwa siku, akiwepo kazini anazileta. Nimefanya hivo hivo kwa Fatu nikapata kama elfu 17 kwa siku na Zuhura kama elfu 15. Hapo ndo pa kuanzia, kila mtu na namba yake mwenyewe ya siku, na malengo yake ya mwezi ni namba hiyo mara siku alizopangiwa. Akiwa na ruhusa au anaumwa siku zinapungua na malengo yanapungua nazo, hakuna ugomvi.

Jumla yao ni elfu 54 kwa siku, kwa siku 25 ni 1,350,000. Nusu yao 675,000, inabaki 675,000 kwako. Toa pango laki mbili, LUKU elfu 90, maji na usafi 40, dawa na mafuta na jeli za kucha 140, kodi ya serikali na leseni umeandika tenga 50, jumla 520,000. Unabaki na 155,000. Nimekuandikia hivi uone kwamba saluni haiko hatarini, inaendesha maisha yake, ila faida ni nyembamba na nia yako ya kutaka iongezeke ni ya haki kabisa. Swali ni iongezeke kutoka kwa nani.

Hapa ndo naomba utulie maana ndo penyewe. Watu wengi wakitaka kuongeza wanapandisha wote asilimia 10 wanasema ndo haki. Sasa fikiria siku ya Somoe. Notlesi moja kwa mkono wake ni saa sita hivi, akianza saa tatu asubuhi anamaliza alasiri, akipata na twende kilioni moja jioni siku imeisha. Elfu 22 ndo karibu kichwa kimoja kikubwa, mtu huyu hana nafasi tena ya kuongeza kichwa. Ukimwambia alete zaidi ataipata wapi? Ataipata kwenye mwendo. Atagawa mafungu makubwa, atavuta nywele za mbele kwa nguvu ili zishike haraka, na ndo hao wateja wawili waliorudi kichwa kinauma. Rasta ikikaza sana utaona vipele vidogo vidogo pembezoni mwa paji la uso, mteja halali ubavu, na akiendelea kusukwa hivo kila mara nywele za mbele zinaanza kukatika na kupungua na nyingine hazirudi tena. Yaani tageti yako imehamia kwenye kichwa cha mteja. Kwa iyo Somoe mwache pale pale kwenye elfu 22, usimuongezee hata mia. Kama unataka hela zaidi kutoka kwenye kiti chake basi njia ni bei, au apate msaidizi wa kumgawia na kumuanzia rasta, na msaidizi ni yule mwanafunzi ambaye sasa hivi hataki kumfundisha. Umeona ilivyojifunga?

Zuhura ndo mwenye nafasi. Daftari linaonyesha Jumatatu hadi Jumatano wakati mwingine anapata mtu mmoja kwa siku, na kucha za jeli ni kama saa moja na nusu, kwa iyo anakaa anachezea simu si kwa uvivu, wateja hawapo. Yeye mwekee 16,500, lakini usimwekee ukamwacha, malengo bila njia ni kumuonea. Njia ni kwamba mteja wa Somoe anakaa pale saa sita mikono imelala mapajani! Akiulizwa vizuri, dada nikufanyie kucha wakati unasukwa, kuna siku atakubali. Zuhura anahitaji mteja mmoja zaidi wa kucha kila wiki hivi na amefika. Fatu nae ana upenyo mdogo, anayekuja kuosha akubali na stimingi, mwekee 17,500. Jumla mpya ni elfu 56 kwa siku, 1,400,000 kwa mwezi, na angalia vizuri ilikotoka, Zuhura anaipata kwenye kiti cha Somoe. Sasa Somoe akimchukia Zuhura saluni nzima inakosa, akimuita hela inaingia.

Ndo maana zawadi ya mshindi mmoja nakuomba uiue kabisa. Mkiwa watatu na mshindi ni mmoja, njia ya kushinda ni mbili, ufanye vizuri au mwenzio afanye vibaya, na kuficha draya ni rahisi kuliko kutafuta mteja. Fatu si mtu mbaya mdogo wangu, alifuata mchezo ulivyopangwa. Chukua elfu 50 ile ile, iwe ya saluni nzima, mkifika 1,400,000 ya ufundi kila mmoja elfu 15 na mwanafunzi elfu 5, msipofika hakuna anayepata na hakuna anayekatwa. Utasema anayejituma na asiyejituma watapata sawa? Hapana, anayejituma tayari anakula nusu ya kila anacholeta, hiyo ndo tofauti yake na inatosha, hii ya pamoja ni ya kumfanya amwite mwenzie. Mwanafunzi usimuache nje ya hiyo zawadi hata siku moja, yeye ndo anayeosha vitana na kukimbilia dukani, na akipata kitu hata Somoe atamfundisha kwa moyo zaidi.

Kuhusu kukata elfu 20, hapo naomba unisikie sana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikuruhusu kukata malipo ya mtu kwa sababu tu hajafika malengo, makato yana masharti yake, mfano sheria iwe inaruhusu au mwenyewe awe amekubali kwa maandishi akatwe deni analodaiwa, na mfanyakazi anaweza kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini hata sheria isingekuwepo, umewakata Ramadhani! Mtwara na Lindi Ramadhani nani anasuka wiki ya kwanza, wateja wanaanza kumiminika kumi la mwisho kujiandaa na Idi. Rudisha hizo hela zote tatu, elfu 60, kabla hujafanya kitu kingine chochote, na useme kwa mdomo wako kwamba ulikosea. Bila hilo haya mengine watayaona ni mtego mpya.

Na hapo hapo tuseme la msimu. Huku kwetu huwezi kuweka tageti ya mwaka mzima kwa kuangalia mwezi wa 11. Minada ya korosho ikianza Oktoba na hela zikaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, hadi watu wa Tandahimba na Newala wanashuka mjini kusuka, kila mtu anatengeneza. Januari hadi Machi mvua, watu wako shamba na ada za shule zimeshakula akiba. Baadae yanakuja mavuno, harusi, mambo ya unyago, inachangamka tena. We una daftari la miaka mitatu, litumie. Chukua mwezi unaokuja, tazama mwaka jana saluni iliingiza ufundi kiasi gani kwa siku mwezi huo, gawa kwa kawaida yenu ya mwaka huo. Nimefanya ya Ramadhani iliyopita, mlipata kama elfu 38 kwa siku na kawaida yenu ilikuwa 54, ni kama asilimia 70. Basi Ramadhani namba ya kila mtu unaizidisha kwa 0.7, Somoe anakuwa na 15,400, na jumla ya saluni inashuka vile vile. Na Ramadhani usiifuate kwa mwezi wa kalenda maana inawahi siku kama 11 kila mwaka, fuata tarehe zake. Novemba nayo namba itapanda, usiwahurumie, msimu ni msimu.

Vita vya mlangoni dawa yake haiko kwenye hela. Nimeona wanagombania wateja wa kuosha na twende kilioni, kazi ambazo wote watatu wanaziweza, notlesi haina mgombea. Weka ubao mdogo wenye majina matatu na alama ya zamu. Mteja aliyemtaja mtu anaenda kwa aliyemtaja, hilo halijadiliwi. Asiyemtaja mtu anaenda kwa mwenye zamu, na mwenye zamu akiwa na mtu kwenye kiti anarukwa ila zamu yake inabaki juu, akimaliza anafuata yeye. Anayepokea mteja mlangoni awe wewe au mwanafunzi, msusi asisimame. Na utaangalia kitu kimoja, kama wateja wanaosema "yeyote tu" wamepungua ghafla na "wa kuomba" wameongezeka kwa mtu mmoja, ujue kuna mtu anawafuata wateja nje au anawapigia simu kuwafundisha la kusema. Namba za wateja zikae kwenye simu ya saluni, hilo litapunguza.

Sasa tathmini yenyewe. Hiyo karatasi ya ukutani itoe leo na kwenye grupu usipost tena namba ya mtu, pale weka jumla ya saluni tu. Mwezi ukiisha kaa na kila mmoja peke yake dakika 20, asubuhi kabla ya kufungua, mlango umefungwa, daftari mezani. Mwache aanze yeye, muulize mwezi ulikuwaje na nini kilimkwamisha, utashangaa, nusu ya sababu ziko mikononi mwako, draya moja kwa watu watatu kwa mfano, hivi kwa nini draya iwe moja?

Alafu mnaangalia mambo matatu tu. Hela ya siku, yake ya mwezi huu na yake ya nyuma, jina la mwenzie lisitajwe kabisa mle ndani. La pili kazi zilizorudi, yaani mteja aliyerudi ndani ya siku saba kulalamika au kurekebishiwa, hizo ziandikwe kwenye daftari kwa alama, na usimkate mtu kwa ajili yake, ukianza kukata watakuwa wanarekebisha kimya kimya nyumbani kwa mteja na wewe hutajua kitu. Kazi mbili kwa mwezi ni bahati mbaya, tano kuna jambo, kaa nae umtazame anavyofanya. Somoe kabla ya tageti alikuwa na moja kwa miezi mitatu, baada ya tageti ana nne kwa mwezi mmoja. Nne! Kwa mkono ule? Hapo huhitaji ushahidi mwingine kwamba lilikuwa tatizo la mchezo na si la mkono wake.

La tatu wateja wanaorudi kwake kwa kupenda, na hapa kuwa makini maana kila kazi ina muda wake. Wa kuosha anarudi wiki moja au mbili, wa jeli kama wiki tatu, wa rasta hata miezi miwili. Ukihesabu kwa mwezi mmoja Fatu ataonekana malaika na Somoe hana mteja. Hesabu kwa miezi mitatu mitatu, na linganisha mtu na yeye mwenyewe. Kwa Somoe ongeza na la mwanafunzi, mkubaliane mwezi huu atamfundisha nini, mfano kugawa mafungu na kuanza mzizi, mwisho wa mwezi muone mwanafunzi anaweza au hawezi. Iandikwe kwamba hiyo ni sehemu ya kazi yake anayosifiwa nayo, na umhakikishie kwamba mteja aliyeanziwa na mwanafunzi ufundi wake bado unaandikwa kwa Somoe. Woga wake wa kumkuza mshindani una msingi, usiupuuze.

Mkimaliza andika mistari mitatu kwenye daftari lake dogo, wote wawili msaini, mwezi ujao mnaanzia hapo. Na mtu akiwa chini ya namba yake mwezi mmoja usimwite mvivu, tazama kwanza siku, msimu na zamu. Miezi mitatu mfululizo wakati wenzake wapo kawaida, hapo ndo kuna mazungumzo mazito, na yafanyike mle ndani.

Ungependa kuanza lini? Mimi naona Ramadhani ikiisha usianze mara moja, wiki ya Idi inadanganya, siku tatu zile zitaonyesha namba ambazo hazitarudi. Acha wiki mbili zipite. Lakini elfu 60 irudi wiki hii, waende nayo Idi.